Kazi Imeisha? Inategemea Umemuuliza Nani

Kisa hiki ni cha kutungwa, lakini mwalimu yeyote aliyewahi kusimamia miradi ya mwaka wa mwisho chuoni atakitambua. Wanafunzi wanne wa diploma ya teknolojia ya habari jijini Dar es Salaam walipewa muhula mmoja, wiki 14, watengeneze mfumo wa kompyuta utakaotumiwa na watu halisi. Mteja walikuwa naye tayari: kikoba cha akina mama 25 wa Mbagala, ambacho katibu wake ni mama mdogo wa mmoja wao. Pendekezo la mradi lilikuwa na kurasa tisa, ila ahadi yenyewe ilikuwa sentensi moja: "Kutengeneza mfumo wa kisasa, rahisi na salama wa kusimamia shughuli za kikoba." Msimamizi akasaini, mama katibu akafurahi, na wanafunzi wakaanza kazi.

Katika kikoba hiki hisa moja ni shilingi 5,000. Kila Jumamosi mwanachama hununua hisa kati ya moja na tano, na hutoa 1,000 ya mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi. Mwenye hisa anaweza kukopa hadi mara tatu ya alichoweka, kwa riba ya asilimia 10, na kurejesha kwa miezi mitatu. Hesabu zote ziko kwenye daftari la katibu, na nyingine ziko kichwani mwake.

Wale wanne waligawana kazi. Wa kwanza, fundi wa kurasa za simu, alijenga programu ya simu janja yenye grafu za akiba. Wa pili alijenga tovuti ambayo mtu huingia kwa nywila. Wa tatu alishughulikia ujumbe mfupi kwa wanachama wenye simu za kitochi. Wa nne aliandika ripoti. Hakuna aliyekuwa mvivu. Walikesha maabara mpaka mlinzi akawazoea.

Wiki ya sita mama katibu aliwauliza, "Wanangu, na faini za wachelewaji mmeweka?" Hawakuwa wameweka, wakaahidi kuweka. Wiki ya nane mwenyekiti wa kikoba akataka malipo ya M-Pesa yaingie yenyewe, nayo wakaikubali. Baadaye mtunza hazina akataka hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka. Wangekataa kwa hoja gani? Sentensi yao ilisema "shughuli za kikoba", na hizo zote ni shughuli za kikoba. Wigo usio na ukingo hauwezi kumlinda mtu dhidi ya ombi lolote.

## Siku ya kuonyesha

Wiki ya 13 mama katibu alikuja chuoni na daftari lake kwapani. Akamsikiliza fundi wa grafu hadi mwisho, kisha akafungua ukurasa na kumwonyesha jina la mwanachama mmoja.

"Huyu alikuwa na hisa 20, akakopa laki tatu. Mwezi wa kwanza alitakiwa alete laki na kumi, kaleta elfu sitini. Nionyesheni, mwanangu, anadaiwa kiasi gani, na faini yake ni ngapi."

Programu ya simu ikasema anadaiwa 270,000. Tovuti ikasema 240,000, kwa kuwa aliyeijenga hakuongeza riba ya 30,000 kwenye deni. Sehemu ya ujumbe mfupi ikatuma maneno haya: "Umelipa rejesho lako. Asante." Kuhusu faini, hakuna sehemu iliyosema kitu.

Msimamizi akamuuliza kila mmoja swali moja: je, sehemu yako imekamilika? Wa grafu akajibu imekamilika, kwa sababu kurasa zote zinafunguka. Wa tovuti naye alisema yake imekamilika, maana mtu asiye na nywila haingii. Wa ujumbe akasema yake ni asilimia 90. Wa nne akasema ripoti ina kurasa 60. Mama katibu alikunja daftari lake. Kwake yeye, kazi ilikuwa haijaanza.

Kila mmoja alijibu kwa kipimo alichojitungia mwenyewe, na kwa kipimo hicho alisema kweli. Kikundi kiliagizwa kurudia mradi muhula uliofuata, na sharti la msimamizi lilikuwa moja: msiandike hata mstari mmoja wa programu kabla hamjaniletea vigezo vya kukubali kazi, vilivyosainiwa na mteja.

## Kigezo ni nini hasa

Kigezo cha kukubali kazi ni sharti lililoandikwa kabla kazi haijaanza, ambalo likijaribiwa hutoa jibu moja kati ya mawili: limetimia au halijatimia. Halina "asilimia 90". Linaeleza matokeo ambayo mteja atayaona, si jinsi fundi atakavyoyapata. Iwapo fundi atatumia hifadhidata hii au ile, hilo ni lake. Deni lionekane 270,000, hilo ni la mama katibu.

Utaratibu huu ulikuzwa na watengenezaji wa programu. Mwaka 2001 Ron Jeffries, mmoja wa waasisi wa mbinu iitwayo Extreme Programming, alieleza kwamba ombi la mteja lina sehemu tatu: kadi ndogo yenye sentensi ya ombi, mazungumzo ya kulifafanua, na uthibitisho wa kuonyesha kwamba limetekelezwa. Wanafunzi wetu walikuwa na kadi tu. Miaka michache baadaye Dan North na wenzake walieneza namna ya kuandika uthibitisho huo kwa vipande vitatu: hali ilivyo, jambo linalotokea, na matokeo yanayotarajiwa. Kwa Kiswahili: ikiwa hivi, mtu akifanya hivi, basi itokee hivi.

Safari hii kikundi kilikwenda Mbagala na karatasi, bila kompyuta mpakato. Wakaanza na ombi moja: "Mwanachama aweze kukopa."

"Mama, mwenye hisa 20 anakopa mwisho ngapi?"

"Laki tatu."

"Akiomba laki tatu na elfu moja?"

"Hapati."

"Na mwenye mkopo ambao haujaisha?"

"Hapati mwingine mpaka amalize."

Hadi hapo ilikuwa rahisi. Kisha wakamuuliza kuhusu yule aliyeleta elfu sitini badala ya laki na kumi: anatozwa faini ya kuchelewa, au hatozwi kwa kuwa kuna alicholeta?

Mama katibu akanyamaza kidogo. "Hapo tunaangalia mtu na mtu. Mwingine kafiwa, mwingine ni ujanja tu."

Jibu hilo ndilo lililokuwa na thamani kubwa kuliko yote ya siku ile. Kanuni ambayo wanafunzi waliilaumu kompyuta kwa kutoijua haikuwepo popote. Wangekaa chini kuandika programu, fundi angelazimika kujitungia kanuni ya faini usiku wa manane, na akina mama wangekuja kuigundua siku mwenzao ametozwa isivyo haki. Kuandika kigezo kuliwalazimisha kuamua. Baada ya kushauriana na mwenyekiti, uamuzi ukawa huu: mfumo usitoze faini wenyewe, uonyeshe kwamba rejesho ni pungufu, halafu katibu achague kutoza au kusamehe, na jina la aliyeamua libaki kwenye kumbukumbu.

Karatasi waliyotoka nayo ilisomeka hivi:

1. Ikiwa mwanachama ana hisa 20 za shilingi 5,000 na hana deni, akiomba 300,000, ombi lipokelewe.
2. Mwanachama huyohuyo akiomba 301,000, ombi likataliwe, na skrini itaje kiwango cha juu anachoruhusiwa.
3. Ikiwa ana mkopo ambao haujaisha, akiomba mwingine wa kiasi chochote, ombi likataliwe na deni lililobaki lionekane.
4. Mkopo wa 300,000 ukitolewa, deni lisomeke 330,000, na rejesho la kila mwezi 110,000 kwa miezi mitatu.
5. Akilipa 60,000 mwezi wa kwanza, deni lisomeke 270,000, rejesho lioneshwe kuwa pungufu kwa 50,000, na katibu aulizwe kutoza faini au kusamehe.
6. Katibu aweze kuandika rejesho simu ikiwa haina mtandao, na rejesho hilo liwepo bado baada ya simu kuzimwa na kuwashwa.

Chini yake wakaandika yasiyohusika: malipo ya M-Pesa, mgao wa mwaka, grafu, ujumbe mfupi. Mwenyekiti alinung'unika kuhusu M-Pesa, lakini alinung'unika mapema, wakati neno lake bado halijamgharimu mtu wiki tatu za kazi.

Tazama kilichoyapata yale maneno matatu ya pendekezo la kwanza. "Rahisi" limegeuka kigezo cha sita, kwa sababu mama katibu alipoulizwa nini humsumbua, alisema mtandao wa pale wanapokutania hukatika. "Salama" limeingia kwenye kumbukumbu ya aliyesamehe faini. "Kisasa" halikupata pa kukaa, likaachwa, na hakuna aliyelikumbuka.

## Mahali vigezo vinapokwama

Kigezo kibaya hutambulika kwa jaribio dogo: wape watu wawili wakipime kila mmoja peke yake. Wakirudi na majibu tofauti, bado hakijawa kigezo. "Mfumo ufanye kazi haraka" utaleta majibu mawili. "Orodha ya wanachama 25 ifunguke ndani ya sekunde tatu kwenye simu ya katibu" italeta moja. Kosa jingine ni kuandika hali njema tu, mtu analipa kamili na kwa wakati. Katika orodha ya juu, namba 2, 3, 5 na 6 zote zinahusu mambo yanapokwenda kombo, na ni hayohayo yaliyowaangusha wiki ya 13.

Wingi nao una madhara. Ombi moja likifikisha vigezo 20, mara nyingi ni maombi matatu yaliyofungwa pamoja, na yanafaa kutenganishwa. Tena, orodha yote inaweza kutimia na mfumo usitumike, kama kikoba hakikuhitaji kompyuta tangu mwanzo. Vigezo hupima kama mmejenga mlichokubaliana; kama makubaliano yenyewe yalikuwa na maana, hilo hujulikana kwa kukaa na mteja.

Siku ya kuonyesha mara ya pili, wanafunzi hawakueleza chochote. Mama katibu alipewa simu na ile karatasi, akapita kigezo kimoja kimoja akiweka tiki. Vitano vilitimia. Cha sita kilikwama: simu ilipowashwa upya, rejesho halikuwepo. Msimamizi alipouliza kama mfumo umekamilika, wote wanne na mteja wao walitoa jibu moja, kwamba haujakamilika, umebaki kigezo cha sita. Wakapewa wiki moja, na safari hii walijua wiki hiyo ni ya kufanyia nini.