Joto Linaloonyesha Buteni Ipi ni Imara

Kuna gesi tatu ziitwazo buteni, zote zenye fomula C₄H₈ na kifungo maradufu kimoja kati ya kaboni mbili. Katika 1-buteni kifungo hicho kiko mwishoni mwa mnyororo. Katika mbili zilizobaki kiko katikati: kwenye sis-2-buteni ncha mbili za mnyororo zimebanana upande mmoja, na kwenye trans-2-buteni kila ncha iko upande wake. Je, ipi imetulia zaidi?

Miaka ya 1930, George Kistiakowsky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walilijibu swali hilo kwa kupima joto. Buteni ikikutana na haidrojeni juu ya kichocheo cha metali, kifungo maradufu hufunguka, atomi mbili za haidrojeni huingia, na joto hutoka. Zote tatu huishia kuwa butani ile ile, na hapo ndipo penye ufunguo wa hesabu. Nazi zikianguka kutoka minazi mitatu hadi uwanja mmoja, iliyotoka juu zaidi ndiyo itakayotua kwa kishindo kikubwa zaidi. 1-buteni hutoa kilojuli 127 hivi kwa moli, sis 120, na trans 116. Trans, yenye joto dogo kuliko zote, ndiyo imara zaidi. Lakini usilinganishe hivyo buteni na penteni, kwa maana mwisho wao si mmoja.

Mtu angedhani basi kwamba kemia hupenda kutengeneza trans. Sivyo. Chukua 2-butaini, yenye kifungo cha mara tatu, uipe haidrojeni kwa kichocheo cha Lindlar, yaani paladi iliyopunguzwa makali kwa risasi na kwinolini ili mmenyuko usifike hadi butani. Molekuli hulala juu ya metali, na haidrojeni zote mbili huipanda kutoka upande huohuo wa chini. Kinachopatikana zaidi ni sis, ile isiyo imara. Njia ndiyo iliyoamua, si utulivu.

Utulivu hushinda pale molekuli inapopewa nafasi ya kurudi nyuma. Hilo hutokea kiwandani, mafuta ya mimea yanapogandishwa nusunusu kwa haidrojeni na nikeli ya moto. Kifungo cha sis hupokea atomi moja ya haidrojeni, mnyororo hujizungusha, kisha atomi moja hung'oka kabla ya pili kuingia. Kifungo maradufu hurudi, safari hii mara nyingi kikiwa trans. Mafuta hayo ya trans huharibu moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe katika vyakula vyote. Kwa hiyo soma lebo: ukikuta mafuta yameongezewa haidrojeni kwa sehemu tu, yarudishe rafuni.