Kasi ya Manukuu na Mtazamaji Anayefika Mwisho wa Video

Kasi ya manukuu hupimwa kwa kuhesabu herufi ambazo mtazamaji anatakiwa kuzisoma katika kila sekunde. Hesabu hiyo hujumlisha pia nafasi kati ya maneno na alama za uandishi. Andiko likiwa na herufi 60 na kukaa kwenye skrini kwa sekunde 4, kasi yake ni herufi 15 kwa sekunde. Kipimo cha herufi huifaa Kiswahili kuliko kipimo cha maneno, kwa sababu neno moja kama "hawakunifundisha" lina herufi 16 na hubeba ujumbe wa sentensi nzima.

Kampuni za filamu na video zimejiwekea mipaka. Netflix kwa lugha nyingi huruhusu herufi 17 kwa sekunde katika vipindi vya watu wazima, na 13 katika vya watoto. Kwa lugha zinazoandikwa kwa herufi za Kilatini, kila mstari hauzidi herufi 42 na andiko halizidi mistari miwili. TED hufika hadi herufi 21 kwa sekunde.

Mipaka hiyo inatofautiana kwa sababu wasomaji nao hawafanani. Mwaka 2018, Agnieszka Szarkowska na Olivia Gerber-Morón walichapisha utafiti uliofuatilia mwendo wa macho ya watazamaji waliosoma manukuu ya kasi ya 12, 16 na 20. Wengi waliimudu hata kasi ya 20. Manukuu ya polepole yaliwafanya warudie kusoma andiko lile lile, hasa katika video za Kiingereza, na hilo likawaudhi. Lakini kwa video za Kihungari, lugha wasiyoielewa, walipendelea manukuu yaliyofupishwa na kwenda taratibu. Utafiti wa baadaye uliofikisha kasi ya 28 ulionyesha kwamba kadiri kasi inavyopanda, macho huruka maneno mengi zaidi na uelewa hupungua.

Hapo ndipo kasi inapogusana na suala la kumaliza video. Anayesikia sauti na kuielewa lugha akikosa andiko moja hapotezi kitu, kwa kuwa sikio limekwisha kumpa maana. Anayetazama kwenye daladala bila sauti, kiziwi, au asiyejua lugha ya video hutegemea maandishi pekee. Akikosa andiko moja, la pili huanza kumchanganya. Hurudisha video nyuma, na hali hiyo ikijirudia mara kadhaa, huachana nayo. Kwa hiyo wastani wa video nzima hautoshi kuonyesha tatizo: video yenye wastani wa 14 inaweza kuwa na nusu dakika inayokwenda kwa 25, na hapo ndipo mtu huondoka.

Chukua andiko hili kutoka video ya afya, kama linavyokaa kwenye faili la SRT:

```
12
00:01:40,000 --> 00:01:44,000
Mama mjamzito akiona dalili hizi,
asisubiri kesho, aende hospitali leo hii.
```

Mstari wa kwanza una herufi 33 na wa pili 41, jumla 74. Zikigawanywa kwa sekunde 4, kasi ni 18.5, juu kidogo ya kikomo cha 17. Kuna njia mbili za kuipunguza. Msemaji akinyamaza kidogo baada ya sentensi, andiko huachwa sekunde moja zaidi, na kasi hushuka hadi 14.8 bila neno kuondolewa. Kama mwingine anadakia papo hapo, maandishi hufupishwa: "Mjamzito akiona dalili hizi, aende hospitali leo hii." Sasa mistari miwili ina herufi 52, na kasi ni 13. "Asisubiri kesho" limeondoka bila hasara, kwa kuwa maana yake imo katika "leo hii". Njia ya kwanza hujaribiwa kwanza, hasa kwa manukuu ya viziwi, ambao wana haki ya kupata yote yaliyosemwa.

Programu kama Subtitle Edit na Aegisub huonyesha kasi ya kila andiko, hivyo ni rahisi kuyapata yanayovuka kikomo. Dakika zake hulinganishwa na grafu ya utazamaji iliyomo katika YouTube Studio. Mteremko wa ghafla mahali pa maandishi ya haraka huashiria watu kuondoka au kuruka sehemu hiyo. Kilima kidogo huashiria kurudia. Hata hivyo, ishara hiyo si ushahidi kamili. Sehemu zenye maandishi ya haraka mara nyingi ndizo ambazo watu huongea kwa pamoja, na huenda mtazamaji amechoshwa na mazungumzo yenyewe. Njia ya kutenganisha sababu hizo ni kurekebisha manukuu pekee, kuiacha video ilivyo, kisha kutazama grafu ya siku zinazofuata. Mteremko ukipungua mahali pale pale, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba kasi ilichangia. Ukibaki vile vile, kasoro itafutwe kwenye video yenyewe.