Kumwambia Mfanyakazi Mkongwe Kwamba Kazi Yake Imeshuka

"Mzee amelegea." "Siku hizi hajali." "Ameshaichoka kazi." Mtu aliyewahi kukaa katika ofisi ya rasilimali watu amezisikia kauli hizi mara nyingi, na karibu kila mara anayesemwa ni mfanyakazi wa miaka mingi, ambaye zamani alikuwa wa kutegemewa. Msimamizi wake ameshaona kuna tatizo, na pengine yuko sahihi. Ila kauli hizo hazimwambii mfanyakazi abadilishe nini kesho asubuhi. Ukimwambia mtu kwamba hajali, atakujibu kwamba anajali. Mtabishana juu ya moyo wake, ambao yeye anaujua na wewe huujui, na kazi iliyokufanya umwite itasahaulika.

Mwaka 1996 watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho unaotolewa kwa wafanyakazi na wanafunzi. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyachambua, utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyoyahamisha mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi na kuyapeleka kwenye nafsi yake. Akianza kujiuliza "kumbe wananionaje?", hana tena nafasi ya kufikiri alivyopokea mzigo wa jana. Kwa mfanyakazi mkongwe hatari hii ni kubwa zaidi, kwa sababu heshima yake yote kazini imejengwa juu ya jina alilolipata kwa miaka.

Tuchukue mfano wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Mtunza stoo ana miaka 17 kazini, na kila mtu anamwita Mzee. Meneja wa tawi ni dada wa miaka 30 na kitu, aliyehamishiwa hapo mwaka jana. Kwa miezi mitatu hesabu ya mali iliyomo stoo haikubaliani na leja. Wateja wamelipia bidhaa ambazo leja inasema zipo, wakaondoka bila mzigo. Meneja amekasirika, na neno "uzembe" liko mdomoni.

Kazi ya kwanza ya meneja ni kukaa na makaratasi kabla ya kumwita Mzee. Achukue hati za kupokelea mizigo, leja na karatasi za kuhesabia mali, kisha kwa kila kosa aandike mambo manne: tarehe, mzigo gani, kilichofanyika au kisichofanyika, na hasara au usumbufu uliotokea. Kipimo cha sentensi nzuri ni chepesi. Mtu mwingine aliyekuwapo pale angekiona kitu hicho hicho? "Alisaini hati kabla nondo hazijahesabiwa" ni jambo la kuonekana kwa macho. "Alifanya haraka haraka tu" ni hukumu tayari, hata kama imefichwa.

Meneja wetu anapata makosa tisa. Anapoyapanga kwa saa, anaona jambo ambalo neno "uzembe" lisingemwonyesha kamwe: saba kati ya hayo tisa yanatokana na malori yaliyofika baada ya saa kumi jioni. Anakumbuka pia kwamba miezi minne iliyopita yeye mwenyewe alimhamishia dukani kijana aliyekuwa akimsaidia Mzee. Hapo picha inabadilika. Inawezekana kosa la Mzee lipo, na kosa la uongozi lipo pia. Ndiyo faida kubwa ya mifano ambayo wengi hawaijui: kabla haijamshawishi mfanyakazi, inamfundisha msimamizi. Kosa linalojirudia saa fulani, au mzigo wa aina fulani, lina chanzo cha kutafutwa. Neno baya juu ya tabia ya mtu humaliza utafutaji kabla haujaanza.

Kati ya yale tisa, meneja achague matatu ya karibuni na yaliyo wazi kuliko yote. Akimsomea yote tisa, Mzee atasikia hati ya mashtaka, na mtu anayeshtakiwa hujitetea. Mambo ya miaka mitatu nyuma yasiguswe kabisa. Kama hayakusemwa wakati ule, kuyaleta leo ni kumwambia kwamba muda wote huo ulikuwa unamwekea kinyongo.

Kikao chenyewe kiwe cha faragha, asubuhi, mbali na masikio ya wapagazi na wauza duka. Dakika 30 au 40 zinatosha. Hapa tofauti ya umri ina uzito, na wasimamizi vijana hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaojikaza na kusema kwa ukali ili waonekane mabosi. Wengine, na hawa ndio wengi, wanazunguka: salamu ndefu, habari za watoto, sifa tele, kisha kosa linapenyezwa katikati kwa sauti ya chini, halafu sifa tena. Mzee anatoka hapo akidhani ameitwa kupongezwa. Adabu haimzuii mtu kusema jambo kwa uwazi. Adabu iko kwenye shikamoo, kwenye kumpa kiti, kwenye sauti, na kwenye kumwachia nafasi ya kujibu.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mzee, nimekuita tuzungumze kuhusu upokeaji wa mizigo. Sijakuita kukupa barua, wala sina mpango wa kukuondoa. Nataka tuone tatizo liko wapi."

"Sawa, bosi."

"Tarehe 6 Machi hati inaonyesha umepokea nondo 200 za milimita 12, na saini ni yako. Tulipohesabu Ijumaa, zilikuwa 180, na hakuna iliyokuwa imeuzwa. Tarehe 19, mabati ya geji 28 yaliandikwa kwenye leja kama ya geji 30. Mteja alilipia mabati 60 ya geji 30, akaja na gari, akakuta hatuna. Tarehe 2 Aprili saruji ilipungua mifuko 12, na hati ilisainiwa bila maelezo yoyote ya upungufu, kwa hiyo kiwanda kimekataa kutufidia."

Meneja anamwonyesha hati zile, kisha ananyamaza. Hapa wengi hushindwa, wakaanza kujijibia wenyewe: "Najua umri nao...", "Labda umechoka." Asiseme. Aulize swali moja tu: "Siku hizo ilikuwaje, Mzee?"

"Lori linakuja jioni, bosi, niko peke yangu. Dereva anataka saini aondoke. Nikihesabu mimi, nani anawasimamia wanaoshusha? Nasaini, nasema nitahesabu kesho. Kesho asubuhi wateja wamejaa."

Sentensi hizo zina kila kitu ambacho meneja alihitaji kujua. Mzigo mwingi kwa mtu mmoja ni jukumu la uongozi. Kusaini kabla ya kuhesabu ni uamuzi wa Mzee, na huo lazima usemwe bila kulainishwa: "Kuhusu msaidizi nimekuelewa, na hilo ni langu. Lakini ukisaini kabla ya kuhesabu, hasara inakuwa yetu na dereva ameshaondoka. Kuanzia leo saini iwe baada ya hesabu. Dereva akigoma, nipigie simu nije mwenyewe."

Vipi ile miaka 17? Itajwe, ila kama ushahidi, isiwe sukari ya kuficha dawa. "Mwaka juzi hesabu za mwisho wa mwaka zilikubaliana na leja, na mtunza stoo ulikuwa wewe" ni kauli ya kweli inayoweza kukaguliwa, na inaonyesha kwamba kiwango kinachodaiwa si kigeni kwake. "Wewe ni kama baba yetu hapa" haina kazi katika kikao hiki. Inamfanya aone haya kujitetea, na inamfanya meneja aone haya kudai.

Kabla ya kuinuka, waandike makubaliano kwenye ukurasa mmoja. Msaidizi anarudi stoo kuanzia saa tisa na nusu hadi kufunga. Hakuna saini kabla ya hesabu, na upungufu wowote unaandikwa juu ya hati mbele ya dereva. Kila Ijumaa wanahesabu pamoja bidhaa tano zilizoingia wiki hiyo na kulinganisha na leja. Baada ya wiki sita wanakaa tena. Kila mmoja abaki na nakala. Ijumaa ya kwanza hesabu ikikubaliana, meneja aseme hivyo siku hiyo hiyo, kwa namna ile ile aliyosemea kosa: "Bidhaa zote tano ziko sawa, hata lile lori la jioni." Mrejesho unaosubiri mwisho wa wiki sita unakuwa umechelewa.

Wiki sita hizo zina maana kisheria pia. Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendaji duni, achunguze sababu, atoe maelekezo, na mafunzo inapobidi, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri aeleze sababu na kumsikiliza mfanyakazi kabla ya kumwachisha kwa utendaji duni, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama katika kikao hicho. Meneja aliyeandika tarehe, hati na makubaliano ana la kuonyesha. Aliyeandika "hana moyo wa kazi" hana.

Njia hii ina mipaka yake. Hesabu zikionyesha mali inatoka kwa makusudi, hilo si suala la utendaji tena. Ni la nidhamu na lina taratibu zake, na kuliendesha kama mazungumzo ya kumsaidia mtu ni kumdanganya. Mzee akisema macho hayaoni tena maandishi madogo ya kwenye hati, au mgongo unamzuia kuinama, hilo ni suala la afya. Linahitaji daktari na pengine kupangiwa kazi nyingine, na kumpa wiki sita za kuhesabu hakutamponya. Na msaidizi akirudi, hesabu zikaendelea kupishana katika mizigo ya asubuhi na ya jioni, meneja ataingia kikao cha pili na mifano mipya, na safari hii aseme wazi kwamba kibarua kiko hatarini. Asiliache jambo hilo alibahatishe mtu mwenyewe.

Limebaki moja, na linawahusu wasimamizi wote. Fungueni mafaili ya wakongwe wenu muone tathmini za miaka mitatu iliyopita. Mara nyingi kila mwaka kumeandikwa "vizuri sana", kwa sababu hakuna aliyetaka kumuudhi mzee wa watu. Siku utakayomwita umwambie kazi imeshuka, faili hilo litakuwa shahidi wake, na ataamini, kwa haki kabisa, kwamba umemgeukia ghafla. Msimu huu wa tathmini, andika kile kilichotokea, pamoja na tarehe zake, na umsomee kabla hujasaini.