Aliyezidiwa na Joto Apozwe Kwanza, Asafirishwe Baadaye

Mwanafunzi aangukapo katika mbio za masafa marefu, ada yetu ni kumzingira, kumtia maji kinywani na kumpakia garini aharakishwe hospitalini. Nia ni njema, lakini utaratibu huo waweza kumwangamiza. Penye kiharusi cha joto, tiba huanzia pale pale alipoanguka.

Misuli ya mkimbiaji huzalisha joto jingi, na mwili hulitoa hasa kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevu, jasho hutiririka tu bila ya kukauka, na joto hubaki ndani. Hayo yalidhihirika Mombasa mnamo Machi 24, 2007, katika mbio za nyika za dunia. Hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyezoea kutawala mbio hizo, alijiondoa katika mzunguko wa mwisho.

Kuna hali mbili ambazo mwalimu hana budi kuzitofautisha. Ya kwanza ni uchovu wa joto. Mkimbiaji huwa hoi, hutoka jasho jingi, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, na pengine huanguka. Hata hivyo, akili yake ni timamu. Huyu alazwe kivulini, miguu iinuliwe, nguo nzito zivuliwe, apepewe na kunyweshwa maji kidogo kidogo. Aghalabu hupata nafuu upesi. Asipopata nafuu, au akianza kuchanganyikiwa, achukuliwe kuwa ameingia katika hali ya pili.

Hali hiyo ya pili ndiyo kiharusi cha joto. Hapa joto la ndani ya mwili kwa kawaida huwa limepita nyuzi 40 za Selsiasi, na ubongo umeanza kudhurika. Mkimbiaji hupepesuka kama mlevi, hupayuka, huwa mkali bila sababu, hupatwa na kifafa au huzirai. Basi muulize: Jina lako nani? Hapa ni wapi? Umebakisha mizunguko mingapi? Akishindwa kujibu sawasawa, usingoje dalili nyingine.

Wengi hudanganywa na jasho. Wamefunzwa kwamba mwenye kiharusi cha joto huwa na ngozi kavu. Agosti 5, 1984, katika marathoni ya kwanza ya wanawake kwenye Olimpiki, mjini Los Angeles, Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi aliingia uwanjani akiyumba, mwili umepinda upande, mkono mmoja ukining'inia. Waganga walimkaribia, naye akawakwepa, kwani kuguswa kungemwondoa mashindanoni. Walipoona angali anatoka jasho, walimwacha aendelee. Mzunguko huo mmoja ulimchukua karibu dakika sita, kisha akaangukia mikononi mwao. Alipona, lakini kwa elimu tuliyo nayo leo, jasho lile si hoja. Mkimbiaji aweza kulowa chepechepe huku ubongo wake unaungua. Ishara ya kutegemewa ni akili yake, wala si ngozi.

Tuseme basi mvulana ameanguka kwenye mzunguko wa kumi wa mbio za mita 5,000, nawe wamuuliza jina anakutajia jina la mbwa wao. Hakikisha anapumua, kisha mtu mmoja aite gari la wagonjwa huku wengine wakianza kumpoza papo hapo. Mvueni viatu na nguo za juu, mumtumbukize hadi shingoni katika pipa pana au hodhi la maji baridi, yenye barafu ikipatikana. Mtu mmoja amshike chini ya makwapa ili kichwa kisizame, na maji yakorogwe daima. Ikiwa hakuna hodhi, wanafunzi sita washike kingo za turubai, alazwe katikati, na ndoo za maji zimiminwe. Hata turubai likikosekana, mmwagieni maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea kwa nguvu.

Asinyweshwe chochote maadamu hajitambui, maana maji yaweza kuingia mapafuni. Vidonge vya homa navyo havifai, kwa kuwa joto hili halikuletwa na homa. Kipimajoto cha kwapani kisiaminiwe, kwani chaweza kuonyesha nyuzi 38 ilhali ndani ni 41. Lengo ni kulishusha joto hadi karibu nyuzi 39 katika nusu saa ya kwanza. Bila ya kipimo cha kuaminika, endeleeni mpaka fahamu zimrudie au aanze kutetemeka kwa baridi, jambo ambalo kwa kawaida huchukua kama robo saa. Hapo ndipo apelekwe hospitalini, hata kama anasema amepona, kwa sababu ini na figo huweza kudhurika kimyakimya.

Hospitali ikiwa mwendo wa dakika arubaini, safari bila kupozwa humaliza muda wote wa kumwokoa. Kwa hiyo mwalimu wa michezo asipulize kipenga cha kuanza mbio siku ya jua kali kabla ya kuliona pipa la maji limejaa kando ya uwanja, turubai limekunjwa juu yake, na wanafunzi sita wanaojua kazi yao.