Timazi inasema mita 1.7, vekta zinasema sentimita 90

Mnara wa redio wa mita 12 umesimama kwenye kiwanja cha tambarare. Kutoka kileleni pameshushwa waya wa chuma wa kuushikilia, umefungwa kwenye nanga ardhini, mita 9 mashariki ya mnara. Chini ya waya huo unapita waya wa umeme, mlalo, mita 6.3 juu ya ardhi, ukikata kwenda kaskazini na kuegemea mashariki kidogo. Waya hizi mbili hazigusani, na hata ukizirefusha hadi mwisho wa dunia hazitakutana. Lakini si sambamba pia, kwa sababu mmoja unashuka na mwingine unalala, kila mmoja na njia yake. Mistari ya aina hii tunaweza kuiita mistari inayopishana. Kwenye karatasi bapa haipo, maana huko mistari miwili ama inakutana ama ni sambamba. Inahitaji kimo.

Fundi anataka kujua zimeachana kiasi gani. Anapanda ngazi na kushusha timazi kutoka waya wa chuma, pale ambapo, ukitazama kutoka juu, waya hizo zinaonekana kukatana. Kamba ya timazi inampa mita 1.7. Kipimo ni sahihi, ila hakijibu swali lililoulizwa. Timazi hupima kwenda chini tu, na waya ulioinama unaweza kuwa karibu zaidi ukipima kwa kulalia upande.

Njia fupi kuliko zote kati ya mistari miwili inayopishana ina sifa moja: inaikuta yote miwili kwa pembemraba. Sababu yake inaonekana haraka. Chukua kamba iliyounganisha waya hizo mbili, iwe imeugusa mmoja kwa pembe ya nyuzi 70, tuseme. Sogeza ncha yake kidogo kuelekea upande wa pembe hiyo kali na kamba itafupika. Utaendelea kusogeza hadi pembe ifike nyuzi 90, na ufanye vivyo hivyo kwenye ncha ya pili. Pale ambapo hakuna ncha inayoweza kusogea bila kuirefusha kamba, umefika. Mahali hapo ni pamoja tu, na kamba iliyopo hapo ndiyo pembemraba ya pamoja ya mistari yote miwili.

Kuitafuta angani kwa tepu ni kazi ya kubahatisha, ndiyo maana tunatumia vekta. Tuweke asili ya vipimo kwenye tako la mnara, na kila nukta tuitaje kwa namba tatu: mita za mashariki, za kaskazini na za kwenda juu. Kilele ni (0, 0, 12). Waya wa chuma unaenda mita 9 mashariki huku ukishuka mita 12, kwa hiyo mwelekeo wake, ukiufupisha kwa kugawa kwa tatu, ni a = (3, 0, −4). Waya wa umeme, kila ukienda mita 2 mashariki, unaenda 3 kaskazini, na haupandi wala haushuki: b = (2, 3, 0). Unapita juu ya nukta iliyo mita 3 mashariki ya mnara, yaani kwenye (3, 0, 6.3).

Sasa tunahitaji mwelekeo wa tatu, ulio pembemraba kwa a na kwa b kwa wakati mmoja. Kuna namna ya kuzidisha vekta mbili inayoutoa moja kwa moja. Huitwa zao mtambuka, na hufanywa kwa kuzidisha namba kwa kupishana na kutoa:

n = (0×0 − (−4)×3, (−4)×2 − 3×0, 3×3 − 0×2) = (12, −8, 9)

Ukikosea alama moja hapa, kila kinachofuata kinaharibika, na ni kosa la kila siku. Kulikamata ni rahisi. Zidisha n na a namba kwa namba, kisha ujumlishe: 36 + 0 − 36 = 0. Fanya hivyo na b: 24 − 24 + 0 = 0. Jumla ya namna hii ni zao la nukta, na sifuri maana yake ni pembemraba. Alama hizi tunazozitumia zimetokana na kazi ya Josiah Willard Gibbs wa Yale, aliyewachapia wanafunzi wake kitabu cha vekta mwaka 1881, na ya Oliver Heaviside wa Uingereza, ambaye ujanani alikuwa mfanyakazi wa telegrafu. Mtu wa waya, kama fundi wetu.

Hatua iliyobaki ina hila ndani yake. Chukua nukta yoyote kwenye waya wa kwanza na yoyote kwenye wa pili, uziunganishe. Kutoka kilele hadi nukta yetu ya umeme tunapata w = (3, 0, −5.7). Vekta hii ni ndefu mno na imekaa mshazari, lakini hatuitaki yote. Tunataka kivuli chake tu juu ya mwelekeo n. Zao la nukta la w na n ni 36 + 0 − 51.3 = −15.3. Urefu wa n ni kipeuo cha pili cha 144 + 64 + 81, yaani cha 289, ambacho ni 17. Gawa: 15.3 ÷ 17 = 0.9. Alama ya kutoa inaonyesha upande tu, umbali hauna alama. Waya zimeachana sentimita 90, karibu nusu ya alichokisoma fundi.

Je, tungechukua nukta nyingine? Twende hatua moja mbele kwenye waya wa umeme, hadi (5, 3, 6.3). Sasa w ni (5, 3, −5.7), na zao ni 60 − 24 − 51.3, yaani −15.3 tena. Kutembea juu ya waya hakuongezi chochote kwenye kivuli, kwa kuwa kila hatua ya waya iko pembemraba kwa n.

Jibu hilo, hata hivyo, linahusu mistari isiyo na mwisho, na waya wa kweli una ncha. Ni lazima kuhakikisha miguu ya pembemraba iko juu ya waya zenyewe. Ukitatua milinganyo, mguu mmoja unaangukia takriban (3.92, 0, 6.78) kwenye waya wa chuma, na mwingine (3.28, 0.42, 6.3) kwenye wa umeme. Waya wa chuma una urefu wa mita 15, na mguu uko kama mita 6.5 kutoka kileleni, kwa hiyo tuko salama. Ungeangukia chini ya ardhi, ng'ambo ya nanga, sentimita 90 zisingekuwa umbali wa kitu chochote kilichopo, na tungelazimika kupima kutoka kwenye nanga yenyewe.

Waya zikikaribia kuwa sambamba, n inakuwa fupi sana. Unagawa namba ndogo kwa namba ndogo, na kosa dogo la upimaji linavimba. Zikiwa sambamba kabisa n ni sifuri na njia hii haifanyi kazi. Halafu kuna ulegevu: waya wa chuma ukilegea unabonyea kuelekea ule wa umeme, na pengo linapungua.

Tuseme inatakiwa nafasi ya mita 1.2. Hesabu ileile inasema njia ya umeme isogezwe sentimita 42.5 kuelekea mnara, kimo kikibaki kilekile. Timazi hapo itasoma karibu mita 2.27.