Wasifu wa Afisa Mifugo: Alichanja Nani?

Tuchukue mfano wa halmashauri ya wafugaji wa ng'ombe na mbuzi inayotafuta afisa mifugo. Mwombaji mmoja ameandika: "Uzoefu wa kampeni za chanjo, miaka minne." Maneno mazuri, lakini alichanja mnyama gani?

Ukisoma chini unakuta ni kuku, dhidi ya kideri. Chanjo ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni kazi nyingine: ng'ombe wafungiwe kwenye kibanio, chanjo ibaki kwenye barafu, na ikishachanganywa itumike upesi, la sivyo unadunga maji tu. Mwombaji anayeijua kazi hutaja ugonjwa, idadi na jinsi alivyotunza ubaridi. Kwangu mimi, huyu wa kuku hajafaa bado.

Kisha usajili. Tanzania, stashahada pekee haitoshi; Baraza la Veterinari huwatambua madaktari na wasaidizi wao kwa madaraja tofauti. Namba ikiwepo, ihakikiwe huko huko kwenye Baraza kabla ya kumwita kwenye usaili.