Muhogo na Karanga Badala ya Pipi

Mtoto akitoka shule jioni, njaa humpeleka moja kwa moja dukani kununua pipi. Muhogo wa kuchemsha ungemshibisha zaidi, ila uandaliwe vizuri. Chagua muhogo mtamu. Ule mchungu una sumu nyingi na si wa kuchemsha tu ukala. Menya ganda la nje pamoja na lile nene la ndani, kata vipande, toa uzi wa katikati, chemsha hadi uive kabisa, kisha mwaga maji.

Muhogo una wanga mwingi lakini protini kidogo mno, na hapo ndipo karanga zinapohitajika. Zichambue kabla ya kukaanga: zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe, maana moto wa jikoni haumalizi sumukuvu. (Karanga za bei ya chee sokoni mara nyingi ndizo hizo.) Zitwange, changanya na chumvi kidogo, uchovyee muhogo. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, zinaweza kumpalia. Malizia na kipande cha papai au embe, si juisi ya pakiti.